Chai ya Akika: Kazi Ifanywe Jana, Ladha Iwe ya Leo

Wageni wa akika huja pamoja na huhudumiwa pamoja. Maulidi yakishasomwa, jina likishatajwa na mtoto akishapita mikononi mwa bibi na mashangazi, watu arobaini wamekaa kwenye mikeka wakisubiri kikombe cha chai na sahani ya vitafunio. Hakuna anayetaka kungoja zamu ya sambusa. Na wakati huo mama mzazi bado yumo ndani ya arobaini yake, hashiki karai wala hasogei jikoni, kwa hiyo kazi yote iko mikononi mwa wanawake wa nyumbani ambao nao wanatakiwa wawe wameoga, wamevaa na wamekaa na wageni.

Kwa mafundisho ya dini, siku ya saba ndiyo siku ya akika. Mtoto hunyolewa nywele, uzito wake kwa fedha hutolewa sadaka, na mnyama huchinjwa: wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Familia nyingi za pwani huisogeza mbele mpaka mama apate nguvu, wengine hadi siku ya arobaini. Nyama ya mnyama ina mambo yake, hupikwa pilau au hugawiwa kwa jamaa na majirani. Makala hii inahusu chai ya jioni, ile ya vitafunio vya kuliwa kwa mkono, ambayo leo huandaliwa vivyo hivyo hata kwenye bebi shawa za Dar es Salaam na Nairobi kabla mtoto hajazaliwa.

Njia pekee ya kuifanya chai hiyo bila kuumia ni kuipika siku moja kabla. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchukulia kwamba kupika jana ni kumaliza kila kitu jana. Sambusa zilizokaangwa Ijumaa usiku, zikafunikwa, zikapashwa moto Jumamosi, ni mwiku, na mgeni atalijua hilo kwa tonge la kwanza. Kila kitafunio kina hatua yake ya kusimama. Kipo kinachomalizwa kabisa, kipo kinachoachwa katikati, na kipo kinacholowekwa tu kikangoja asubuhi. Anayezijua hatua hizo atafanya sehemu kubwa ya kazi Ijumaa, na Jumamosi atabaki na saa moja ya kukaanga.

Unyevu ndio unaoamua

Kitafunio kilichokaangwa kina ganda kavu kwa nje na unyevu ndani. Ukikiacha, unyevu huo hautulii. Hutoka ndani ukaenda kwenye ganda, na ganda lililokuwa likivunjika kwa mlio huwa laini na linavutika. Ukikifunika kingali moto, mvuke hugonga kifuniko, hugeuka maji na kudondoka juu yake. Ndiyo maana sambusa ikitiwa ndani ya hotipoti na kufungwa kwa nusu saa hutoka imelegea, hata kama ilikaangwa vizuri.

Ukilijua hilo, mgawanyo wa kazi unakuja wenyewe. Chochote kisicho na unyevu wa kuhama, kama visheti, kinaweza kumalizwa mapema. Chochote ambacho unyevu wake ndio uzuri wake, kama mkate wa mayai, kinaweza kulala usiku mmoja bila hasara. Lakini kila chenye ganda kavu na moyo wenye majimaji lazima kisimamishwe kabla ya mafuta, kikaangwe watu wamekwisha kukaa.

Tuchukue akika ya mtoto wa kike, Jumamosi, wageni 40. Watafika saa 10 alasiri, na chai itaandikwa saa 11. Nyumba ina friji moja yenye friza, jiko la gesi la meko mawili na jiko la mkaa. Vitafunio ni vitano: sambusa za nyama 80, katlesi 50, bajia za kunde 100 ndogo, mikate ya mayai mitatu na visheti vya kilo moja ya unga. Kila mgeni atapata sambusa mbili, katlesi moja, bajia mbili, kipande au viwili vya mkate na visheti vya kutafuna. Hizo zinamtosha mtu aliyekula mchana. Anayeongeza aina ya sita na ya saba huongeza kazi tu, kwa sababu mgeni hali zaidi, anaonja na kubakisha.

Nyama ya chungu kimoja

Ijumaa asubuhi anza na nyama, kwa sababu ndiyo inayohitaji muda wa kupoa. Sambusa 80 zinataka kilo moja na nusu ya nyama ya kusaga, na katlesi 50 zinataka robo tatu ya kilo. Hakuna haja ya vyungu viwili. Tia yote kwenye sufuria pana pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, bizari nyembamba na maji ya ndimu, bila mafuta na bila maji ya kuongeza. Nyama itatoa maji yake yenyewe. Ipike ukiipondaponda kwa mwiko ili isifanye mabonge, na usiiepue maji yanapopungua. Iepue yatakapokwisha kabisa na sauti ya sufuria ibadilike kutoka kuchemka hadi kuchuna.

Kipimo kizuri ni kiganja. Nyama ikipoa kidogo, chukua ngumi moja uibane. Vidole vikibaki na mafuta tu, iko tayari. Tone la maji likipita kati ya vidole, irudishe motoni. Tone hilo likiingia kwenye sambusa litakaa na manda usiku kucha, litailainisha kona, na kesho ndani ya mafuta litageuka mvuke na kuipasua.

Toa theluthi moja ya nyama uiweke kando kwa ajili ya katlesi. Inayobaki ni ya sambusa, na hapa pana jambo ambalo hata wapishi wa siku nyingi hupitiwa nalo. Sambusa ya kukaangwa papo hapo hutiwa kitunguu kibichi kilichokatwa vidogo, na ni kitamu kwa sababu kinaivia ndani. Sambusa ya kulala haitaki kitunguu cha namna hiyo. Chumvi iliyo kwenye nyama hukivuta maji kitunguu, na baada ya saa chache ule ukavu ulioutafuta motoni umepotea. Katakata kitunguu robo tatu ya kilo, kitie kwenye nyama ingali ya moto, rudisha sufuria kwenye moto mkali na ugeuze kwa dakika mbili au tatu tu. Kitunguu kitatoa maji yake ya juu na kubaki na utafunaji wake. Pilipili na majani ya giligilani yatiwe mwisho, nyama ikishapoa.

Kupoa nako kuna namna yake. Nyama ikiachwa kwenye sufuria yenye kina, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na joto la vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda. Itandaze kwenye sinia kubwa, ifunike kwa kawa au chandarua dhidi ya nzi, na ndani ya saa mbili iwe imekwisha poa na kuingia frijini. Siku za joto kali la kaskazi, lifanye hilo ndani ya saa moja.

Sambusa inaipenda friza

Manda zinaweza kuwa za kununua au za kusukuma nyumbani. Za kununua ziache zilainike ndani ya pakiti yake, uzichambue moja moja na uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa maana manda iliyokauka hukatika kwenye mkunjo. Gundi ni unga wa ngano na maji, uzito wake kama uji mzito.

Kukunja ndiko kunakoamua kama sambusa itakunywa mafuta. Shika ukanda wa manda kwa mkono wa kushoto, lete ncha ya chini juu kwa mshazari upate pembetatu, kisha ikunje tena kwa upande wa pili mpaka upate mfuko kama pakacha dogo. Kabla hujatia nyama, uinue mfuko huo machoni na uitazame kona ya chini. Ukiona mwanga unapita, kona iko wazi, na mafuta yataingilia papo hapo. Usiifunge kwa gundi nyingi, kwa sababu gundi nene huiva ngumu. Fungua ukunje upya, ukiisogeza ncha kidogo ndani. Kisha tia nyama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, isukume mpaka kwenye kona bila kuishindilia, paka gundi kwenye ulimi uliobaki na uufunge.

Zipange kwenye sinia lililotandikwa karatasi au mfuko safi wa nailoni, zisigusane, na uzitie kwenye friza mara moja. Baada ya saa tatu au nne zimekuwa ngumu kama mawe. Sasa unaweza kuzimimina zote kwenye mfuko mmoja, na hazitashikana. Ukizirundika kabla hazijaganda, manda zitanatana, na kesho utakapozitenganisha utang'oa ngozi ya moja uiache kwenye nyingine.

Jumamosi hazitolewi nje kuyeyuka. Hutoka kwenye friza zikaingia kwenye mafuta zikiwa zimeganda. Sambusa iliyoachwa kuyeyuka mezani hujifunika jasho, manda inalowa, na mafuta yanaruka hovyo. Moto wa karai uwe wa wastani. Dondosha kipande kidogo cha manda: kikizama kidogo kisha kikapanda polepole na mapovu madogo kukizunguka, mafuta yako tayari. Kikirushwa juu mara moja na kugeuka rangi, mafuta ni ya moto mno, na sambusa zitakuwa za kahawia nje na baridi ndani. Tia kumi kwa mara moja, zisizidi, maana zilizoganda hushusha joto la mafuta. Zitachukua kama dakika sita au saba. Chukua moja ya awamu ya kwanza uivunje katikati. Mvuke ukitoka kwenye nyama, muda wako ni sahihi na awamu zinazofuata zifuate huohuo.

Katlesi inaikataa

Ungedhani kinachofaa kwa sambusa kinafaa kwa katlesi, lakini kiazi kina tabia nyingine. Kiazi kilichochemshwa kikiganda, maji yaliyomo ndani yake hujitenga, na kikiyeyuka huyaachia. Katlesi iliyolala kwenye friza hutoa maji mezani, huvunjika kwenye yai na kufumuka kwenye mafuta. Mahali pake ni frijini, kwenye baridi ya kawaida, na huko baridi inamsaidia mpishi: wanga wa kiazi hukaza usiku, katlesi ikaamka ngumu na rahisi kushika.

Kwa katlesi 50 chukua viazi kilo mbili na nusu. Vichemshe na maganda yake vikiwa vizima, kwa sababu kiazi kilichomenywa na kukatwa hunywa maji ya kuchemshia. Vikiiva, mwaga maji, menya vingali vya moto, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo kwa dakika mbili ili vikauke, kisha uviponde papo hapo. Usivipige sana wala usitumie mashine, maana kiazi kilichopigwa kupita kiasi huvutika kama gundi. Tia chumvi, ndimu, pilipili manga na giligilani, halafu ile nyama uliyoiweka kando, vyote vikiwa vimepoa.

Finyanga mabumba ya kujaa kiganja, yabonyeze kidogo yawe bapa. Bumba likipasuka ukingoni ukilibonyeza, mchanganyiko ni mkavu; kijiko cha yai lililopigwa kinatosha kulirekebisha. Likinata kiganjani, ni laini mno, na makombo ya mkate vijiko viwili vitatu yatalikaza. Zipange kwenye sinia, zifunike na ziingie frijini.

Yai lingoje Jumamosi. Katlesi iliyochovywa yai usiku hulowa, na yai huteleza likakusanyika chini. Piga mayai sita na chumvi kidogo, chovya moja moja, iache idondoshe yai la ziada kisha iingie kwenye mafuta yenye moto kuliko ya sambusa. Kilichomo ndani kimekwisha kuiva, unachotaka ni yai kushika rangi na moyo kupata moto. Kwa kuwa imetoka frijini, ipe dakika nne, na uigeuze mara moja tu.

Vinavyomalizwa kabisa

Visheti vinaweza hata kutangulia siku mbili. Vikikaangwa kwa moto mdogo mpaka vikauke ndani, hakuna unyevu wa kuhama, na sukari inayovizunguka huwa kama ukuta. Jambo lote ni shira. Kwa visheti vya kilo moja ya unga, chemsha sukari nusu kilo na kikombe kimoja cha maji, na iliki iliyosagwa. Chukua tone kwa kijiko, lipoze kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada na uvitenganishe. Uzi ukijivuta bila kukatika haraka, epua. Mimina visheti ndani, na uvigeuze bila kupumzika mpaka sukari iwe nyeupe na vitengane. Shira ikitolewa mapema haigandi, visheti hubaki vinanata na kesho vimelainika. Ikitokea hivyo, virudishe pamoja na shira yake kwenye moto mdogo ugeuze mpaka ikauke. Vitie kwenye kopo vikiwa baridi kabisa.

Mkate wa mayai hupikwa Ijumaa mchana. Kila mkate una mayai sita, sukari kikombe kimoja, unga kikombe kimoja, iliki, na zabibu za kutupia juu. Kinachouinua ni hewa, kwa hiyo mayai na sukari vipigwe mpaka viwe vyeupe na vizito kiasi kwamba ukiinua mwiko, uzi unaodondoka unabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Unga uchekechwe juu na kuchanganywa polepole. Katika oveni ya nyuzi 180 huchukua kama nusu saa, na kijiti kikitumbukizwa kitoke kikavu. Mkate huu hauna mafuta, na ukiachwa wazi hukauka haraka; ukifungwa ungali na joto hutoka jasho na kunata juu. Uache upoe kabisa, ufunge vizuri, uukate Jumamosi. Mkate uliolala hukatika vipande safi vya msumeno bila kumeguka, jambo ambalo mkate wa moto haukubali.

Chatne ni mbili, na hazilingani. Ya ukwaju, yenye pilipili, chumvi na sukari kidogo, hutengenezwa Ijumaa bila wasiwasi, kwa sababu uchachu wake unaihifadhi na ladha hukolea. Ya nazi isifanywe usiku. Nazi mbichi iliyosagwa huchacha upesi kuliko kitu kingine chochote mezani. Isagwe Jumamosi mchana, ikae frijini, na itolewe kidogo kidogo. Ukiinusa ikawa na harufu ya uchachu ambao si wa ndimu, imwage.

Kunde na chai: maandalizi tu

Bajia za kunde ni za mwisho kuingia kwenye mafuta, lakini kazi yake huanza usiku. Loweka kunde kilo moja kwenye maji mengi. Jumamosi asubuhi zisugue kwa viganja, maganda yaelee uyamwage, kisha uzisage na maji machache uwezavyo pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Zikisagwa tangu usiku huanza kuchacha na rojo kuwa jepesi. Kabla ya kukaanga lipige rojo kwa mkono kwa dakika kadhaa mpaka lipauke na kufura. Dondosha kidogo kwenye bakuli la maji: likielea, limeshika hewa na bajia zitakuwa nyepesi, likizama, endelea kupiga. Chumvi na kitunguu vitiwe karai likiwa tayari motoni, kwani vikitangulia rojo hutoa maji.

Chai ya wageni 40, kwa hesabu ya kikombe kimoja na nusu kila mmoja, ni kama lita tisa. Usiku wa Ijumaa ponda iliki, mdalasini na tangawizi, uvifunge. Jumamosi saa 9 alasiri chemsha maji lita tano na viungo hivyo, na tangawizi ichemke vizuri kabla ya maziwa kuingia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyakata maziwa, na kuchemka ndiko kunakokiua. Wengi huyalaumu maziwa kwamba yalikuwa ya jana, kumbe ni tangawizi iliyochelewa. Kisha tia majani na maziwa lita nne, vichemke pamoja, uchuje yote na kuijaza chai kwenye chupa zilizosuuzwa kwa maji ya moto. Majani yasiachwe ndani, yataikoleza mpaka iwe chungu. Chai hii ipikwe kwenye jiko la mkaa, kwa sababu meko mawili ya gesi yana kazi yake.

Saa moja ya kukaanga

Saa 10 kamili, wageni wakiingia, makarai mawili yako motoni na yote mawili yanakaanga sambusa. Kumi kumi kwa kila karai, awamu nne, na kufika saa 10 na nusu zote 80 zimekwisha. Sambusa zitangulie kwa sababu hazichafui mafuta. Sasa karai moja linachukua katlesi, nane nane, na jingine bajia, kumi na tano kwa mara moja. Katlesi huacha nyuzi za yai na povu, ndiyo maana lazima ziwe na karai lake na ziwe za mwisho humo. Saa 11 vyote vimekamilika, na maulidi yanafikia dua.

Zinapotoka kwenye mafuta, sambusa zisimamishwe kwenye chujio kubwa au ungo, zikiegemeana kwa ncha, ili mafuta yashuke na mvuke upande. Zisifunikwe. Zilizotulia nusu saa zikiwa wazi zitakuwa vuguvugu lakini bado zitavunjika kwa mlio, na huo ni ubora kuliko joto la hotipoti. Sahani ziandikwe mbili mbili kwa kila kikundi cha wageni: moja ya chumvi yenye chatne katikati, moja ya tamu. Ukichanganya visheti na bajia kwenye sahani moja, visheti vitashika mafuta na harufu ya kitunguu. Na sahani ya mama mzazi itolewe kwanza, kabla ya wageni, kwa maana asipowekewa mapema hatapata.

Vyenye nyama na chatne ya nazi vikikaa mezani saa mbili viondolewe, na katika joto la kaskazi saa moja. Umeme ukikatika usiku wa Ijumaa, usifungue friza kwenda kutazama. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi hadi siku mbili, iliyo nusu kama siku moja. Friji ya kawaida ina saa nne tu, kwa hiyo katlesi ndizo za kufikiriwa kwanza. Zihamishiwe kwenye ndoo yenye barafu au kwa jirani mwenye umeme.

Mwisho, tengeneza sambusa ishirini zaidi na usizikaange. Mzazi huendelea kutembelewa, na atakayefika Jumatatu jioni kumpa hongera anastahili sambusa kama wa Jumamosi. Zilizoganda mbichi zinakaa mwezi mzima bila kuharibika, na mtu yeyote wa nyumbani, hata asiyejua kukunja, anaweza kuzitoa kwenye mfuko na kuzitia kwenye mafuta. Zilizokaangwa na kubaki haziwezi kumsaidia mzazi namna hiyo. Kwa hiyo ukiona wageni wamepungua, acha awamu ya mwisho ndani ya friza, na umwambie mama mzazi zilipo.